Wiki Mbili Ambazo Kisauni Ilionekana Imepona

"Mwanangu, hiyo saba mmeitoa wapi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja anayeshughulikia rekodi katika kituo cha afya huko Kisauni. Hatukuwa tumewahi kuonana. Namba yangu aliipata chini ya dashibodi yetu, pale tulipoandika mtu wa kupigiwa simu kwa mwenye swali, na tangu tuiandike yeye ndiye wa kwanza kuitumia. Nikamwamkia, nikamwuliza ni saba ipi. Akanisomea kutoka kwenye simu yake: Kisauni, wiki ya 18, wanaoshukiwa kuwa na homa ya dengi, saba. "Kituo changu peke yake wiki hiyo kimeandika kumi na wawili," akasema. "Sasa kaunti ndogo nzima itakuwaje na saba?"

Nilimwomba anipe saa moja. Nilitumia siku nzima, na kwa hakika bado naitumia hadi leo, kwa sababu nilichokigundua siku hiyo kilibadilisha namna ninavyosoma jedwali lolote linalotoka wizarani.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Ofisi yetu iko mjini Mombasa, upande wa Mvita, nasi si serikali, tunasaidia tu. Kila wiki tunapokea faili ya Excel yenye takwimu za magonjwa yanayofuatiliwa, kaunti zote 47 na kaunti ndogo zake. Skripti yangu ya Python huifungua, huchota mistari ya Mombasa, na kuchora grafu na ramani. Watu huniuliza mbona nisichukue namba moja kwa moja kutoka DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya imekuwa ikiutumia nchi nzima tangu 2011. Mfumo huo ni mzuri. Ila wakati wa mlipuko jedwali tunalotumiwa huwa na matokeo ya maabara yaliyokusanywa kwa mkono na kuunganishwa na ripoti za vituo, na ndilo wanaloliangalia wenzetu wanapopanga kazi. Kwa hiyo tulilazimika kulisoma hilo, na umbo lake lilibadilika karibu kila wiki.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Baadaye nilizungumza na kijana anayelitengeneza. Yuko peke yake, na kila mkutano unaokaa unamletea agizo jipya: ongeza kolamu ya waliopimwa, weka vifo karibu na waliothibitishwa, toa ugonjwa huu, ingiza ule. Jedwali lile limetengenezwa lisomwe na macho ya binadamu, na jicho la binadamu halihangaiki kolamu ikihamia nafasi mbili kulia. Linasoma kichwa, linaendelea.

Skripti yangu haikuwa inasoma vichwa. Ilikuwa inahesabu. Tangu mwanzo wa mwaka kundi la homa ya dengi lilikuwa na kolamu nne: `Suspected`, `Confirmed`, `Deaths` na `Cum`, hii ya mwisho ikiwa jumla ya wanaoshukiwa tangu Januari. Mimi nilichukua kolamu ya kwanza ya kundi hilo, kwa nafasi yake, na nyingine nikaziacha. Wiki ya 18 mtu aliomba waliopimwa waonyeshwe, nayo `Tested` ikawekwa mwanzoni, mbele ya `Suspected`. Skripti ikachukua kolamu ya kwanza kama kawaida yake. Hitilafu haikutokea, wala neno jekundu halikuonekana kwenye skrini. Watu saba walikuwa wamepimwa Kisauni wiki hiyo, nayo dashibodi ikaandika kwamba walioshukiwa ni saba.

Namba ninazotaja hapa nimezibadilisha ili zisimwonyeshe mtu wala kituo, lakini uhusiano baina yake ni ule ule. Wiki ya 16 Kisauni ilikuwa na 24, wiki ya 17 ikawa na 29. Kisha grafu ikashuka hadi 7, na wiki ya 19 ikawa 9. Ukiiangalia grafu hiyo unaona mlipuko unaotulia, na hapo ndipo penye hatari. Lau kolamu iliyohamia pale ingekuwa `Cum`, mstari ungepaa mara saba au nane na kila mtu angeniuliza kulikoni. Kosa linalopandisha namba hujitangaza lenyewe. Kosa linaloshusha namba hupokelewa kama habari njema, na hakuna anayepiga simu kulalamikia habari njema, isipokuwa mtu aliyehesabu wagonjwa kwa mkono wake.

Gharama yake naijua. Orodha ya mitaa ambako wahudumu wa afya ya jamii wangepita nyumba kwa nyumba ilipangwa kwa kuangalia ramani yetu. Kazi yao ilikuwa kuwaonyesha watu namna ya kufunika na kusugua mapipa na mitungi, kwa kuwa mbu anayeeneza dengi, Aedes aegypti, hutaga katika maji yaliyohifadhiwa majumbani, na Mombasa bomba lisilotoka kila siku limemfanya kila mtu awe na pipa mlangoni. Kisauni ilishushwa chini kwenye orodha kwa wiki mbili. Katika joto letu yai la mbu huyo huwa mbu kamili kwa takriban siku saba hadi kumi. Wiki mbili ni kizazi kizima na zaidi. Mji huu ulishaona dengi 2013 na tena 2017, na chikungunya, inayoenezwa na mbu huyo huyo, ikaja mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018. Hatuna udhuru wa kutojua jinsi mambo haya yanavyokwenda.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa rahisi, na ningelifanya mapema kama ningefikiri: nikaacha kutafuta mahali kitu kilipo, nikaanza kutafuta kitu chenyewe. Vichwa hubadilika. Leo `Suspected`, kesho `Susp. cases`, keshokutwa mstari wa vichwa umeshuka chini kwa sababu ya nembo na maelezo yaliyowekwa juu. Lakini Mombasa ina kaunti ndogo sita, na majina yake hayajabadilika tangu Jomvu ilipotoka Changamwe na Nyali ikatoka Kisauni kuelekea uchaguzi wa 2013. Kwa hiyo naanza na majina hayo. Kolamu yoyote yenye yote sita ndiyo kolamu ya maeneo, popote ilipo:

```python
g = pd.read_excel(faili, header=None, dtype=str)
safi = g.apply(lambda k: k.astype(str).str.strip().str.lower())
majina = {"changamwe", "jomvu", "kisauni",
          "likoni", "mvita", "nyali"}
mahali = next(k for k in safi if majina <= set(safi[k]))
```

`header=None` inaiambia pandas isikisie vichwa. Nataka laha lote kama lilivyo. `strip` inaondoa nafasi tupu zinazofuata jina, ambazo jicho halizioni, nazo ndizo zilizowahi kuifanya Likoni ipotee kwenye ramani yetu wiki nzima. `dtype=str` inalinda namba ya kaunti: Mombasa ni 001, na ikisomwa kama tarakimu hubaki 1. Jina moja likikosekana, mstari wa mwisho unasimamisha skripti kabisa. Nilitaka isimame. Huko nyuma nilikuwa nimeiandika ivumilie kila kitu, na uvumilivu huo ndio uliotuletea saba.

Maeneo yakishapatikana, vyote vilivyo juu ya mstari wa kwanza wa eneo ni vichwa, na humo ndimo ninamotafuta neno la ugonjwa kisha neno la kipimo. Hapa kuna mtego wa seli zilizounganishwa. Jina la ugonjwa limetandazwa juu ya kolamu nne au tano, lakini ndani ya faili liko katika seli ya kwanza tu, na nyingine ni tupu. Unalijaza kuelekea kulia kwa `ffill(axis=1)`. Majina ya kaunti nayo hivyo hivyo, ila yanajazwa kuelekea chini. Ujazaji huo wa chini uliwahi kutuumiza vibaya. Chini ya kila kaunti palikuwa na mstari wa jumla ambao seli yake ya kaunti ilikuwa tupu. `ffill` ikaijaza "Mombasa", na mstari wa jumla ukahesabiwa kama kaunti ndogo ya saba. Mombasa nzima ikaonekana na wagonjwa mara mbili. Tulirekebisha kwa kufuta kila mstari wenye neno `Total`, tukaona tumemaliza.

Nakumbuka nilivyoridhika na ufutaji huo. Nilikuwa na desturi ya kutupa vitu viwili katika kila faili, mistari ya jumla na kolamu za `Cum`, kwa hoja kwamba vyote viwili naweza kuvihesabu mwenyewe. Hoja hiyo ni sahihi, na kwa sababu hiyo hasa ndivyo vitu visivyofaa kutupwa. Namba ambayo naweza kuihesabu mwenyewe, na mtu mwingine ameihesabu kwa njia yake, ni shahidi. Jioni ya siku ile, baada ya simu ya yule mama, nilirudi kwenye faili za zamani nikaiangalia kolamu niliyokuwa nikiitupa. Kisauni, `Cum`: wiki ya 16, 163. Wiki ya 17, 192. Tofauti 29, sawasawa na grafu yetu. Wiki ya 18, 223. Tofauti 31. Grafu yetu ilisema 7. Wiki ya 19, 259, tofauti 36, nasi tulisema 9. Jibu lilikuwa ndani ya faili ile ile tangu siku ilipofika.

Mashahidi hawa wawili hawashuhudii jambo moja, na ilinichukua muda kulielewa hilo. Mstari wa jumla unakagua mistari. Ukijumlisha kaunti ndogo sita nawe usifikie jumla iliyoandikwa, kuna mstari uliopotea au uliohesabiwa mara mbili. Lakini mstari huo haungeniokoa wiki ya 18, maana kila kolamu ina jumla yake: waliopimwa wa kaunti ndogo sita wanajumlika vizuri kabisa kufikia jumla ya waliopimwa. Hesabu inakubali, na kolamu si yenyewe. Anayekagua kolamu ni `Cum`, kwa kuwa inafungamana na wanaoshukiwa peke yao. Jumla ya wiki hii, ukitoa jumla ya wiki iliyopita, lazima ikupe wagonjwa wapya wa wiki hii.

Niliposema lazima nilikosea, na wiki ya 20 ikanionyesha. Wagonjwa wapya wa Kisauni walikuwa 33, na `Cum` ikawa 297. Ukitoa 259 unapata 38. Ukaguzi wangu mpya ukakataa faili, dashibodi ikabaki na namba za wiki iliyotangulia, na wenzetu wakaanza kuuliza. Nilipiga simu huku na huko hadi nikaelewa: kituo kimoja kilichelewesha ripoti ya wiki ya 19, na watu wake watano wakaongezwa kwenye jumla bila kuwekwa katika wiki yoyote inayoonekana kwenye faili mpya. Hakuna aliyekosea. Ripoti huchelewa, hasa mvua ikinyesha, na jumla huzipokea kimya kimya. Mara chache huenda kinyume: mgonjwa aliyeandikwa mara mbili anaondolewa, na tofauti inakuwa ndogo kuliko wapya.

Hapo nikawa na tatizo zuri la kufikiria. Ukaguzi mkali unakataa faili salama. Ukilegezwa, unapitisha kolamu isiyo yenyewe. Utatofautisha vipi ripoti iliyochelewa na kolamu iliyohama?

Kilichonisaidia ni kukumbuka kwamba faili ina nchi nzima, si Mombasa tu. Ripoti ikichelewa, hesabu inaharibika pale kituo kilipo na kwingine inakaa sawa. Kolamu ikihama, inahama kwa kila mtu: Kisauni, Garissa, Mandera, wote kwa pamoja. Kwa hiyo siulizi tena kama Kisauni inakubali. Nauliza ni sehemu gani ya mistari yote inakubali. Ikiwa ni mingi, kolamu ni yenyewe, na ile michache inayokataa nayaorodhesha majina yake ili mtu apige simu. Ikiwa karibu yote inakataa, skripti inasimama.

Nikaijaribu kwa faili ya wiki ya 18, nikiilazimisha isome `Tested` kama zamani, ili nione ikikataa. Ikapita. Sehemu kubwa kabisa ya mistari ilikubali.

Nililiangalia tokeo hilo kwa muda kabla sijaona sababu. Sehemu nyingi za nchi hazikuwa na dengi. Walioshukiwa sifuri, waliopimwa sifuri, jumla ile ile ya wiki iliyopita. Sifuri ni sawa na sifuri, na mistari yote hiyo ilipiga kura ya ndiyo bila kujua lolote. Waliokuwa na la kusema walikuwa wachache, nao walizamishwa. Dawa yake ni mstari mmoja, unaowaacha nje wasio na chochote:

```python
tofauti = cum_hii - cum_iliyopita
hai = tofauti.notna() & wapya.notna() & ((tofauti != 0) | (wapya != 0))
kiwango = (tofauti[hai] == wapya[hai]).mean()
```

Baada ya hapo faili ya wiki ya 18 ikakataliwa mara moja: kati ya mistari hai karibu hakuna uliokubali. Wiki ya 20 ikapita, Kisauni ikiwa miongoni mwa majina machache ya kuulizia. Hatua nyingine ikajileta yenyewe. `kiwango` kikiwa chini, skripti inajaribu kila kolamu ya namba iliyo jirani na kuniambia ni ipi inayokubaliana na tofauti kuliko nyingine. Wiki ya 18 ingeniambia ni kolamu inayofuata. Hata hivyo haijibadilishi yenyewe. Inaniandikia, nami nafungua faili nikatazama kwa macho, kwa sababu mistari hai ikiwa mitano au sita tu, kolamu isiyohusika inaweza kukubaliana kwa bahati.

Kuna mipaka ambayo siwezi kuizunguka. Mwanzo wa mwaka `Cum` huanza upya, kwa hiyo wiki ya 1 inalinganishwa na sifuri, na lazima ujue mwaka uliopita uliisha wiki ya 52 au ya 53. 2020, kwa mfano, ulikuwa na 53. Faili ya wiki iliyopita lazima iwepo kama ilivyopokelewa, bila kuguswa. Sisi tulikuwa tunaandika juu yake, na faili iliyotumwa tena ikiwa na marekebisho ilikuwa inaifuta ya kwanza. Sasa kila moja inahifadhiwa na siku iliyofika. Tena seli tupu siigeuzi kuwa sifuri. Sifuri maana yake kituo kimetafuta na hakikupata. Tupu maana yake hakuna aliyesema kitu, na kwenye grafu tunaacha pengo, hata wenzetu walipoona linachukiza macho.

Yule mama nilimpigia jioni ile ile nikamweleza kilichotokea, tena bila kumung'unya maneno: saba walikuwa waliopimwa, walioshukiwa ni 31, na kosa lilikuwa letu. Akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu, irekebisheni basi, watu wangu wanaugua," akasema. Tukarekebisha wiki zote mbili kabla ya usiku, na juu ya ramani tukaandika wazi kwamba namba za wiki ya 18 na ya 19 zilizokuwepo hazikuwa sahihi na zimebadilishwa. Wapo walioona ni aibu kuandika hivyo. Mimi naona yeyote aliyeipanga kazi yake kwa ile saba ana haki ya kujua.

Miezi michache baadaye faili moja ilikuja bila `Cum` kabisa. Skripti ikasimama, na safari hii sikuwa na shahidi wa kumwita. Nikampigia kijana wa wizarani. Akaniambia aliombwa apunguze upana ili jedwali lichapike kwenye karatasi moja, akaondoa kile alichoona hakuna anayekisoma. Nikamweleza kwamba mimi nakisoma, tena ndicho ninachokisoma kwanza, na kwa nini. Alikuwa hajawahi kusikia kwamba kuna mtu Mombasa anatoa namba mbili kwenye jedwali lake kila wiki. Wiki iliyofuata `Cum` ilirudi, safari hii ikiwa ya kwanza kushoto kabla ya zote, na skripti ikaipata.